Jina la Makokha Mlangoni

Nasambu hula chakula cha mchana ndani ya gari lake. Wenye pikapu wengine hapa kwetu, kwenye uwanja wa kupakia mizigo nyuma ya soko la Kitale, hushuka wakakaa kwenye mabenchi yangu, wakabishana kuhusu mpira, wakavunja maandazi yangu kwa vidole vichafu. Yeye hushusha kioo, akapokea kikombe chake, akasema asante, kisha akapandisha kioo. Kiti cha pili kina koti la mwanamume, la rangi ya kahawia, limekunjwa vizuri. Hakuna anayekikalia.

Mimi ni Roselyne, muuza chai. Nina mdomo, na sitaki kujifanya sina. Wageni wakiniuliza kwa nini yule mama anaringa, huwaambia wanywe chai yao wanyamaze. Haringi. Ni mpweke, na upweke wa mtu aliyezoea kuongea ni mbaya kuliko wa bubu. Nasambu alikuwa akiongea. Makokha alipokuwa hai, hao wawili waligombana kuanzia Saboti wanakopakia kabichi mpaka Bungoma wanakoziuza, na wakirudi walikuwa wanacheka. Tuliwasikia kabla ya kuliona gari.

Makokha alikuwa mtu wa Myanga. Mrefu, mcheshi, na mwenye kupenda kuonekana. Alivaa viatu vilivyong'aa hata siku ya kubeba magunia ya viazi. Tatizo lake lilikuwa kwao nyumbani. Kaka yake mkubwa, Mukhwana, alikuwa na shamba la tumbaku upande wa Malakisi na nyumba ya mawe, na kila Krismasi alimkumbusha Makokha kwamba yeye anabebwa na magari ya watu. Makokha alirudi Kitale kila Januari akiwa amevimba roho, na Nasambu ndiye aliyeachiwa kazi ya kumtuliza.

Kwa hiyo walipoamua kununua pikapu, halikuwa jambo la kabichi tu.

Kwanza walijaribu Sacco, chama cha akiba na mikopo. Mkopo wa Sacco ni jambo jepesi kulielewa: unapewa pesa, unaenda unanunua gari, gari ni lako tangu siku hiyohiyo, na kinachobaki kati yako na Sacco ni deni. Ukishindwa kulipa, wanakula akiba yako, kisha wanawafuata wadhamini wako. Hapo ndipo Makokha alipokwama. Wadhamini. Alimwendea Mukhwana, na Mukhwana akamjibu mbele ya wageni, "Mimi nisimame deni yako ndio ng'ombe yangu iuzwe? Wewe si mtu wa gari, bana." Makokha hakumwambia mtu mwingine neno hilo. Nasambu ndiye aliyeniambia, Makokha akiwa tayari mgonjwa, na hata wakati huo aliliambia dirisha.

Basi wakaenda kwa kampuni moja mjini inayouza magari kwa hire purchase. Walikuwa na pesa za malipo ya mwanzo, jasho la misimu kadhaa. Msichana wa ofisini, Sally, mtoto wa huku Trans-Nzoia, mpole lakini asiyezungushwa, alichukua kitambulisho cha Makokha, akaingiza namba kwenye kompyuta. Makokha alikuwa na mikopo ya simu aliyoiacha bila kulipa zamani, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasiolipa.

"Mzee, system imekukataa," Sally alisema. "Lakini mama naye? Tunaweza jaribu yake?"

Jina la Nasambu halikuwa na doa. Mkataba ukaandikwa kwa jina lake, yeye peke yake.

Sally aliwaeleza polepole, maana hiyo ndiyo kazi yake. "Hii si kama mkopo. Kampuni haijawapatia pesa, imewapatia gari. Mama, wewe umekodisha. Unatumia, unatengeneza, unalipa kila mwezi, lakini mwenyewe ni kampuni, na logbook, ile kitabu ya gari, iko na jina ya kampuni. Mpaka ulipe ya mwisho. Hiyo ya mwisho ikiingia, ndio unakuwa umenunua. Kabla ya hapo huwezi kuuza, huwezi kuweka gari rehani. Ukiuza ni kesi ya polisi."

"Na tukishindwa kabisa?" Nasambu aliuliza.

"Unaandika barua, unarudisha gari. Kama malipo yako hayajafika nusu ya bei, unajaza mpaka nusu, halafu mnaachana. Sacco huwezi kuwarudishia gari uwaambie umechoka, wao wanataka pesa zao tu."

Makokha hakusikia nusu ya maneno hayo. Alikuwa akiangalia gari kupitia mlango. Walipotoka hapo, hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa Kibiwott, fundi wa rangi. Huku kwetu kila pikapu ya biashara huandikwa jina la mwenyewe mlangoni, pamoja na uzito wake, na Makokha alisimama nyuma ya bega la Kibiwott mpaka herufi zote zikakaa sawa, nyeupe juu ya buluu: S. MAKOKHA, MYANGA.

"Jina la nani kwenye karatasi?" Kibiwott aliuliza, kwa sababu yeye huuliza kila mtu.

"Andika," Makokha akasema.

Nasambu alikuwa amesimama hapo. Angeweza kusema. Alimtazama mumewe jinsi alivyokuwa akirekebisha kola ya shati kana kwamba anapigwa picha, akamwonea huruma na kumpenda kwa pamoja, akanyamaza. Wakakubaliana kwamba mambo ya ofisini yatabaki ofisini. Krismasi hiyo waliingia Myanga wakipiga honi. Mama yake Makokha, ambaye kila mtu humwita Kukhu, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akazunguka gari, akaomba asomewe maandishi, akalia. Kuanzia siku hiyo alikuwa haendi kanisani, kisimani wala kwenye matanga bila kusema, "Gari ya kijana yangu Makokha."

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungemweleza mama huyo habari za mkataba?

Kisha sukari ikamshika Makokha. Ilianza na mguu, ikaenda kwenye macho, ikaishia kwenye figo. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akikaa tu kwenye kile kiti cha pili, amejifunika koti lake la kahawia, huku Nasambu akiendesha. Waliendelea kugombana kama zamani ili mmoja asimwogopeshe mwenzake kwa kimya. Pesa za gari zikaanza kuingia dawani. Nasambu akachelewa kulipa mwezi mmoja, akalipa, akachelewa mingine. Aliwaza kuandika ile barua arudishe gari. Lakini angerudisha, na kesho yake angembeba na nini kwenda hospitali? Na Makokha angekaa wapi?

Alifariki mchana, kabla ya mvua. Binti yao wa pekee, Phelista, alikuwa Qatar kazini, akalia kwenye simu mpaka kadi ikaisha. Nasambu ndiye aliyeendesha gari lililombeba mumewe kwenda kwao. Alikataa dereva mwingine. Nilikaa nyuma pamoja na jeneza na wanawake wa kanisa, tukiimba, na kupitia kioo niliona kichwa chake mbele, peke yake, hakigeuki.

Kwa wasiojua desturi za Wabukusu, mazishi hayaishii kaburini. Siku ya tatu jamaa hurudi wakakaa kikao. Watu hunyolewa, kisha yanaulizwa mambo ya marehemu waziwazi, mbele ya kila mtu: nani alikuwa akimdai, nani alikuwa anadaiwa naye, ng'ombe gani zizini ni wake na yupi ni wa mtu. Ukinyamaza siku hiyo umenyamaza milele. Baada ya hapo mali hugawanywa.

Nilibaki Myanga kwa ajili ya kikao hicho, maana sikuona mtu mwingine aliyebaki kwa ajili ya Nasambu. Tulikaa uani kwa Kukhu. Nasambu alikuwa amenyolewa, kichwa chake kinang'aa, na alionekana mdogo. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya jiko, kila mtu akiiona.

Walimaliza habari ya ng'ombe, wakamaliza ya shamba. Mukhwana akasimama. Alikuwa amevaa suti ya mazishi bado.

"Kuna gari," alisema. "Ndugu yangu hana kijana. Gari ya mwanaume haiwezi kubaki na mama, kesho ataolewa huko Kitale aende nayo. Mimi nitaichukua, ibebe tumbaku, na Mama hapa atasaidika. Kama iko na deni ya Sacco, tutalipa polepole. Deni ni ya marehemu, na gari ni ya marehemu. Jina si liko hapo mlangoni?"

Watu waliitikia. Nilitamani kumrushia kiatu. Huyu ndiye aliyekataa kuwa mdhamini!

Mzee aliyekuwa akiongoza kikao aliitwa Nehemiah, binamu ya baba yao, karani mstaafu wa serikali. Mtu mwenye haki, simsingizii. Alitikisa kichwa kukubali. "Hata mimi Probox yangu nilichukua na mkopo ya Sacco," akasema. "Ilikuwa yangu kutoka siku ya kwanza. Ningekufa, watoto wangu wangebaki na gari na wangebaki na deni. Ni hivyo. Mama Phelista, uko na neno?"

Nasambu alimtazama Kukhu. Kukhu alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mkono mmoja ameegemeza kwenye gurudumu la gari la mtoto wake. Nilikuwa karibu na Nasambu. Nilidhani atalia. Sikujua bado kwamba alikuwa akichagua. Bila gari hakuna kabichi, hakuna kodi, hakuna ada ya kitu chochote. Angerudi Kitale akiwa mjane mwenye kichwa kilichonyolewa na mfuko mtupu. Na kulikomboa gari kulikuwa na njia moja tu, nayo ilipita juu ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka.

"Gari si ya Makokha," alisema.

Watu waligeuza vichwa kulitazama gari.

"Haikuchukuliwa na mkopo. Ni hire purchase. Ni ya kampuni mpaka ile malipo ya mwisho, na hatujamaliza."

Nehemiah alivua miwani. Aliuliza maswali mawili matatu, taratibu: kitabu cha gari kina jina la nani, kama kuna mkataba. Kisha akawageukia wazee. "Basi hii ni tofauti. Mnajua ng'ombe wa kufugishwa? Rafiki yako anakuletea ng'ombe ukae naye. Unakamua, watoto wanakunywa maziwa, mbolea ni yako. Lakini ukikufa, mwenyewe anakuja siku kama ya leo anasema, yule mweusi ni wangu. Na hakuna mtu anaweza kumgawa. Hii gari ni ng'ombe wa namna hiyo. Hatuwezi kugawa kitu ya wenyewe."

Wazee wakaelewa mara moja. Hapo ningependa kusema mambo yaliisha. Hayakuisha, kwa sababu Mukhwana si mjinga.

"Sawa," akasema. "Gari ni ya kampuni. Lakini ndugu yangu amekuwa akilipa, ama? Hiyo haki ya kumalizia ni yake. Tunarithi hiyo. Mimi nitaenda kwa kampuni, nimalizie, gari inakuja kwa boma."

Nehemiah akafikiri. "Hiyo iko," akasema. "Kama mkataba ulikuwa wa marehemu, haki ya kuendelea inaingia kwa mali yake."

Wote wakamgeukia Nasambu. Alikuwa amesema nusu, ile nusu ndogo, akitumaini itatosha. Haikutosha. Alifunga macho. Alipoongea sauti yake ilitoka kama ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Mkataba si wake. Ni wangu. Kampuni ilimkataa Makokha kwa sababu ya deni za simu, wakachukua jina yangu. Nimekuwa nikilipa mimi. Hata hilo jina mlangoni ni rangi tu, alipenda liandikwe."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kicheko kifupi cha pua. Kisha mwingine akasema, si polepole vya kutosha, "Kumbe alikuwa anaringa na gari ya mke wake." Na kicheko kikapita uani. Mukhwana mwenyewe hakucheka. Alitabasamu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kukhu aliondoa mkono kwenye gurudumu. Aliinuka, si kwa haraka, magoti yake yanamsumbua, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Nasambu alimfuata akagonga. "Mama," aliita. "Mama, nifungulie." Aligonga mpaka Nehemiah akamshika bega akamwambia, "Mtoto wangu, gari ni yako kuendesha. Nenda nyumbani." Tukaondoka. Alilia kuanzia Myanga mpaka Webuye, akiendesha, na nilimwacha alie.

Mukhwana hakuridhika. Alitafuta namba ya kampuni, akawapigia akisema kwamba mama huyo halipii gari, waje walichukue. Na kweli malipo yalikuwa yamechelewa, matanga hula pesa. Basi siku moja wakaja wanaume wawili hapa uwanjani na gari la kuvuta magari. Nasambu alikuwa ndani, anakula. Alifunga milango.

Nitasema jambo ambalo bado linaniudhi. Madereva wote waliokuwa wakinywa chai yangu waliangalia pembeni. Watu ambao Makokha aliwasukumia magari yao yalipokwama kwenye matope. Ati mambo ya kampuni. Ni mimi na birika langu tu tuliokwenda kusimama mbele ya bampa, na birika si silaha kubwa. Ndani ya gari Nasambu alikuwa amekumbatia lile koti. Alimpigia Sally simu na kuiweka sauti ya juu.

"Mama, ngoja niangalie," Sally akasema. Tulisikia vidole vyake vikigonga. "Hapa naona ukijumlisha na yale ya mwanzo, umepita theluthi mbili ya bei yote. Hao wametumwa na nani? Wapatie simu."

Nasambu alipitisha simu kwenye ufa wa dirisha. Sally aliwaambia wale wanaume, tukisikia sote, kwamba gari lililolipiwa theluthi mbili haling'olewi barabarani. Kampuni ikitaka kulichukua ni lazima iende kortini, na wakilichukua kwa nguvu mkataba unakufa na kampuni itarudisha kila shilingi aliyolipa mteja. Wanaume hao walitazamana, wakafungua minyororo yao, wakaenda. Mmoja aliniomba chai. Sikumpa.

"Lakini Mama," Sally aliongeza simu iliporudi, "korti bado iko. Kuja ofisini tupange vile utalipa hayo yamechelewa." Nasambu akaenda, wakapanga, na akalipa kama alivyoahidi.

Baada ya hapo ndipo kile kioo kilipoanza kupandishwa. Aliendesha peke yake, akapakia peke yake, akauza peke yake. Phelista alipiga simu Jumapili ikiwa zamu yake inamruhusu. Nasambu alituma sukari na majani ya chai kwa Kukhu kupitia watu wanaokwenda Myanga, na watu hao walirudi wakisema, "Amepokea," bila salamu yoyote. Jina mlangoni lilianza kuchubuka. Magunia ya kabichi yalilisugua, mvua ikalipiga, mpaka ikabaki KOKHA, MYA, na S iliyokatika tumbo. Nilimwambia alifute. Akaniambia, "Gari si yangu, Roselyne. Nitalifuta aje?" Sikujua kama ni utani. Alikuwa amesahau kutabasamu anapotania.

Wakati mwingine nilimwona akiongea na kile kiti.

Yale malipo ya mwisho aliyalipa mwezi uliopita. Alikuja kwenye kibanda changu, akasimama, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu mazishi. Alinionyesha simu. Gari lilikuwa limehamishwa kwenye mtandao wa serikali kutoka jina la kampuni, likaingia lake. Sally alikuwa amemshika mkono na kumwambia, "Mama, mpaka jana ulikuwa umekodisha. Leo ni yako." Huko ofisini huwapiga picha wateja wanaomaliza, wakiwa na familia zao na funguo. Walimuuliza kama kuna mtu wa kusimama naye. Alisema hakuna haja ya picha.

"Ungeniita," nikamwambia. Nilikasirika, na machozi yakanitoka kwa hasira hiyo.

"Basi funga chai," akasema. "Tuende kwa Kibiwott."

Kibiwott amezeeka kidogo lakini mkono wake haujazeeka. Alipiga msasa mlango wote, herufi zilizobaki zikawa vumbi jeupe miguuni. Kisha akachovya brashi, akamgeukia.

"Jina la nani kwenye karatasi?"

"Yangu," Nasambu akasema.

"Niandike nani? Nasambu na herufi gani mbele?"

Nasambu alipangusa vumbi mlangoni kwa mkono. "Andika vile ilikuwa," akasema.

Kibiwott alinitazama. Mimi sikuweza kunyamaza. "Wewe mama, umepigania hili gari mpaka ukatengwa na dunia nzima, leo ni lako, na unaandika jina la mtu mwingine? Na Mukhwana akiliona?"

"Mukhwana aone. Logbook iko kwangu, na rangi si logbook." Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. "Ile siku nilimnyang'anya mbele ya watu. Ningefanya nini? Haikuwa yangu ya kumwachia, ilikuwa ya kampuni. Sasa ni yangu. Mtu anaweza kumpatia mtu kitu yake."

Tulikwenda Myanga rangi ilipokauka. Nilikaa kwenye kiti cha pili, koti nimelipakata, na sikuthubutu kusema neno njia nzima, jambo ambalo mnaweza kumuuliza yeyote kama limewahi kutokea.

Kukhu alikuwa uani akipepeta maharagwe. Amekonda, na jicho moja limefunikwa na ukungu. Alisikia gari, akainua uso, hakusimama. Nasambu alishuka akapiga magoti mbele yake. Kukhu hakumpa mkono. Alikuwa akiangalia nyuma yake, ule weupe juu ya buluu.

"Hapo kumeandikwa nini?" aliuliza.

"S. Makokha, Myanga."

"Na gari ni ya nani?"

Karatasi ilikuwa ndani ya gari, ndani ya bahasha, na jina lililokuwemo nalijua, Sally analijua, serikali inalijua. Nasambu hakugeuka kuangalia nyuma.

"Ni ya Makokha, Mama. Imeisha kulipwa yote."

Kukhu aliweka ungo chini. "Nilijua," akasema. "Walicheka, lakini mimi nilijua. Yeye si mtu wa kudanganya mama yake."

"Si mtu wa kudanganya," Nasambu akasema.

Alimwinua. Alimtembeza polepole mpaka kwenye gari, Kukhu akapapasa herufi moja moja kwa kiganja, hata zile asizozijua. Nasambu akafungua mlango wa upande wa pili. Nilikuwa nimeshashuka, koti mkononi, na sikuwa na hakika niliweke wapi. Nasambu alilichukua, akamfunika Kukhu magotini, akamfungia mlango, akazunguka akaketi mahali pake pa dereva. Mfukoni mwa mlango kulikuwa na ndizi na maandazi yangu ya asubuhi.

Kukhu aliuliza kama gari linaweza kumfikisha kanisani Jumapili. Nasambu akamwambia linaweza. Wakaanza kula, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kile kioo kilikuwa wazi. Niliwaacha, nikaenda kumalizia kupepeta maharagwe ya watu.